Viwavi wamewahi, ndege wamechelewa: mhadhiri kanirudishia pepa, nisaidieni kabla ya Alhamisi

Msomi Njaa

Wakuu, za jioni. Nina pepa ya semina ya ikolojia na mabadiliko ya tabianchi, kurasa nane, nawasilisha Alhamisi. Mada ni fenolojia: jinsi joto linavyosogeza tarehe za viumbe, na kinachotokea pale anayekula na anayeliwa wasiposogea sawa.

Nilichora mchoro wenye mishale minne. Joto limepanda, kwa hiyo viwavi wanatoka mapema. Viwavi wakitoka mapema, ndege wanachelewa. Ndege wakichelewa, vifaranga wanakosa chakula. Vifaranga wakikosa chakula, ndege wanaisha. Mfano wangu ni wale ndege wa viota vya sanduku kule Uholanzi, ambao kila makala inawataja.

Mhadhiri kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mishale yako inakimbia." Basi. Hakueleza zaidi, na mimi sioni mshale upi umekosea. Mwenye kuijua hii habari anishike mkono.

Dullah_wa_Banda

Pole mdogo wangu. Vifaranga kufa wiki ya kwanza tatizo mara nyingi ni joto la bandani, si chakula. Weka jiko la mkaa au taa, na maji yasiwe baridi. Mimi nilipoteza 60 mwaka jana kwa uzembe wa kijana wa zamu.

Msomi Njaa

Asante kaka Dullah, ila hawa ni ndege wa porini 😅

Dullah_wa_Banda

Ahaa. Basi endeleeni, nasoma tu.

Kiboko ya Mtihani

Hii mbona rahisi. Ndege wanafuata urefu wa mchana, na urefu wa mchana haubadiliki hata dunia ichemke. Viwavi wanafuata joto. Mmoja ana saa iliyosimama, mwingine saa yake inakimbia. Lazima wapishane, na ndege hana ujanja. Andika hivyo, umemaliza.

Bi Darubini

Kiboko umeshika nusu, na nusu uliyoacha ndiyo inayomfelisha mwenzio. Nitarudi kwako.

Msomi, mimi nilikaa misimu miwili kule kama msaidizi wa kukagua viota, kwa hiyo niruhusu nianze na ndege mwenyewe. Hifadhi unayoizungumzia inaitwa Hoge Veluwe, na masanduku yamekuwa yakikaguliwa tangu 1955. Kuna ndege wawili mle ndani ambao watu huwachanganya, na naona na wewe umewachanganya. Wa kwanza hahami, yupo msituni mwaka mzima: kichwa cheusi, mashavu meupe, kifua cha njano. Ukimtafuta andika `Parus major`. Kwetu hayupo na jina la Kiswahili silijui, tumwite Mashavu Meupe. Wa pili ni mdaka nzi, dume lake jeusi kwa meupe, `Ficedula hypoleuca`. Huyu hukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi, kisha huvuka Sahara kwenda kuzaa Ulaya. Wote wawili wanawalisha watoto viwavi vya mwaloni. Majibu yao kwenye mshale wako wa mwisho ni tofauti kabisa.

Sasa hesabu ya mama Mashavu Meupe. Hutaga yai moja kwa siku. Tuseme kaanza tarehe 23 Aprili na anataga tisa: la mwisho ni 1 Mei. Anaatamia kama siku 13, wanaanguliwa 14 Mei. Watoto wanakula kidogo mwanzoni, na njaa yao inafika juu kabisa wakiwa na siku kama kumi. Hiyo ni 24 Mei. Yaani kati ya uamuzi wa kuanza kutaga na siku anayohitaji viwavi wengi kuliko zote umepita mwezi mzima. Siku anataga yai la kwanza, hao viwavi atakaowalisha wanawe bado ni vijidudu vinavyoanguliwa kwenye machipukizi, au bado ni mayai. Anaweka dau kwa kitu asichokiona.

Kama kilele cha viwavi ni 25 Mei, kapatia. Kikiwa 16 Mei, kachelewa siku nane, na viwavi wengi wameshashuka kwa uzi wao na kujifukia ardhini kugeuka bundo. Akishagundua majira yamewahi, kilichobaki mkononi mwake ni kidogo: apunguze yai moja au mawili, au aanze kuatamia kabla hajamaliza kutaga. Anaokoa siku chache, si nane.

Msomi Njaa

Dah, hiyo hesabu ya mwezi mzima sikuiona popote, na naiona ndiyo roho ya jambo. Swali la kijinga: wanajuaje kilele cha viwavi ni lini? Wanapanda miti kuhesabu?

Bi Darubini

Si la kijinga. Wanapima mavi.

Unatandika vitambaa chini ya mwaloni, kila kimoja robo ya mita ya mraba, na mara mbili kwa wiki unakusanya kilichoanguka. Mavi ya kiwavi ni punje nyeusi ndogo kama baruti. Mwaka wenye viwavi wengi, ukisimama kimya chini ya mti unasikia kama manyunyu, na anga ni kavu. Ni wao. Unayakausha, unayachekecha kuondoa majani na magamba, unapima uzito, na kwa kuwa joto linaongeza kasi ya kula na kunya, unarekebisha hesabu kwa joto la siku hizo. Mvua kubwa ikinyesha inayeyusha sampuli yako, na huna la kufanya. Mwaka wangu wa pili tulipoteza wiki nzima namna hiyo, tena wiki ya kilele chenyewe.

Kwa hiyo ukiandika "kilele kilikuwa tarehe fulani", jua tarehe hiyo ina siku kadhaa za kutetereka ndani yake.

Takwimu Kwanza

Napita tu na onyo moja la kazi. Msomi, kama utachora grafu ya tarehe dhidi ya miaka, usitumie siku ya mwaka kuanzia Januari bila kuangalia miaka mirefu. 25 Mei ni siku ya 145 mwaka wa kawaida na 146 mwaka mrefu. Wenye fani yao huhesabu kuanzia 1 Aprili:

```
siku_aprili <- as.numeric(tarehe - as.Date(paste0(mwaka, "-03-31")))
pishano <- siku_uhitaji - siku_kilele
```

25 Mei inakuwa 55 kila mwaka. Pishano likiwa chanya, ndege kachelewa.

La pili: usitumie "ndege wa kwanza kuonekana" kama tarehe ya kuwasili. Ndege wakipungua, au watazamaji wakipungua, wa kwanza ataonekana kwa kuchelewa hata kama kundi halijasogea hata siku moja. Tumia wastani au tarehe ya kati.

Bi Darubini

Amina kwa hilo la pili.

Sasa Kiboko. Ni kweli urefu wa mchana ndio unaomfungulia ndege mlango wa msimu. Lakini ndani ya mlango huo Mashavu Meupe anasogeza tarehe yake kwa joto la Machi na Aprili. Hana saa iliyosimama. Ushahidi ni ndege huyohuyo, jamii hiyohiyo, katika msitu wa Wytham karibu na Oxford: kati ya 1961 na 2007 walisogeza kutaga mbele kwa takriban siku 14, wakaenda sambamba na viwavi. Na walifanya hivyo bila kuhitaji damu mpya. Jike lilelile lililozaa mwaka wa baridi lilizaa mapema mwaka wa joto.

Uholanzi sasa. Marcel Visser na wenzake walipotazama 1973 hadi 1995, kilele cha viwavi kilikuwa kimesogea mbele kama siku tisa, na kutaga hakukusogea. Ndege walewale! Mbona Oxford waliweza?

Kiboko ya Mtihani

Labda wa Uholanzi ni wa koo nyingine?

Bi Darubini

Hapana, angalia joto lenyewe. Katika miaka hiyo Uholanzi, majira ya mwanzo, yale ambayo jike anayasoma ili aamue, hayakupata joto sana. Yaliyopata joto ni majira ya baadaye, Aprili mwishoni na Mei, wakati viwavi wanakula na kukua. Yaani dalili anayoisoma ndege ilibaki palepale, na kitu ambacho dalili ile ilikuwa inakitabiri kikakimbia. Mama hakukosea kusoma, kitabu ndicho kilichobadilishwa kurasa za mwisho.

Hapo ndipo mshale wako wa kwanza na wa pili unapokimbia, Msomi. Umeandika "joto limepanda" kana kwamba ni namba moja kwa mwaka. Swali ni joto la wiki zipi. Wiki zote zikipanda sawa, ndege anaweza kufuata vizuri tu. Kasoro inatokea pale wiki za kuamulia na wiki za kulelea zinapopanda kwa kasi tofauti.

Mzee Mzinga

Nawasalimu wote. Mimi ni mfuga nyuki, Tabora, mizinga 140. Nimesoma nikaona mnazungumza mambo yangu. Miaka ya nyuma nilijua miombo itachanua lini, nikatundika mizinga kwa tarehe za baba yangu. Siku hizi naweza kutundika, makundi yakaingia, maua hakuna. Mwaka mwingine maua yamepita. Je, hii ndiyo hiyo fenolojia? Na je, ni joto?

Msomi Njaa

Shikamoo mzee. Naona inafanana kabisa, naweza hata kuiweka kwenye pepa kama mfano wa nyumbani?

Bi Darubini

Marahaba naipokea kwa niaba, kisha nakuzuia kidogo, Msomi.

Mzee Mzinga, shikamoo. Ni fenolojia, ndiyo. Kama ni joto, hapo ndipo pagumu. Kule Ulaya majira yanafunguliwa na joto baada ya baridi, kwa hiyo kila mtu kwenye mnyororo ana sababu moja. Kwetu mvua ina sauti kubwa. Na miombo yenyewe ina vituko: wewe mzee umeona jinsi inavyotoa majani mapya mekundu wakati ardhi bado imekauka, wiki kadhaa kabla ya mvua. Haisubiri mvua ianze, kwa hiyo huwezi kusema tu "mvua imechelewa, maua yamechelewa". Moto wa kichaka nao unaingia, na ukame wa mwaka uliopita. Tena miti mingi haichanui sawa kila mwaka, hata kabla ya tabianchi kuharibika.

Je, mzee, hizo tarehe uliziandika?

Mzee Mzinga

Za kuvuna ninazo, kwenye daftari la mauzo, tangu 1998. Za maua ni kichwani.

Takwimu Kwanza

Mzee, hilo daftari ni mali. Lakini tarehe ya kuvuna inategemea pia bei, na lini ulipata nafasi ya kwenda porini. Kuanzia msimu huu andika tarehe unapoona ua la kwanza kwenye miti ileile kumi, uipige alama ya rangi. Na andika pia siku ulizokwenda ukakuta hakuna ua. Watu husahau hizo, na bila hizo hujui kama ua lilichelewa au wewe ndiye uliyechelewa.

Mzee Mzinga

Miti kumi ipo. Rangi nitanunua.

Msomi Njaa

Sawa, simweki mzee kwenye pepa kama ushahidi. Turudi kwenye mshale wa tatu na wa nne. Vifaranga wanakosa chakula, hilo nadhani liko wazi. Na ndege wanaisha?

Bi Darubini

La tatu liko sawa kwa kiasi kikubwa. Jike aliyechelewa kuliko wenzake anatoa watoto wachache wanaoishi hadi kuzaa mwaka unaofuata. Uteuzi wa asili unawapendelea waliowahi, na mvutano huo uliongezeka katika miaka ileile, 1973 hadi 1995. Mpaka hapo unaweza kuandika kwa kujiamini.

La nne sasa, kwa Mashavu Meupe, jibu ni hapana. Thomas Reed na wenzake, Visser akiwamo, walichukua takriban miaka 40 ya takwimu za Hoge Veluwe, wakachapisha 2013. Mwaka wenye kupishana kukubwa, watoto wachache waliruka kiotoni. Lakini idadi ya ndege haikushuka. Kwa nini? Kwa sababu majira ya baridi ndiyo yanayochuja. Watoto wakiwa wengi wanagombania chakula kilekile na wengi wanakufa. Wakiwa wachache, kila mmoja ana nafasi nzuri zaidi ya kufika majira mapya. Waliokufa kiotoni Mei ni walewale ambao wangekufa Januari, kwa sehemu kubwa. Kinachopandisha na kushusha idadi zaidi ni kama miti ya msituni imezaa mbegu nyingi kabla ya baridi.

Kwa hiyo mtu binafsi anaumia na kundi halitikisiki. Mshale wako ulizipita hizi kama kitu kimoja.

Kiboko ya Mtihani

Basi mada nzima ni kelele? Kama hawaishi, tunaogopa nini?

Bi Darubini

Subiri mdaka nzi. Yeye yuko Afrika Magharibi, Ulaya kunapata joto mapema, na huko aliko hakuna kitu cha kumwambia. Christiaan Both na Visser walionyesha 2001 kwamba katika miaka 20 alisogeza kutaga mbele kama siku kumi, lakini kuwasili hakukusogea. Yaani alibana mapumziko: anafika, anataga haraka. Ukishafika ukuta wa tarehe ya kuwasili, huna tena pa kubana. Mwaka 2006 wakalinganisha makundi tisa ya Uholanzi. Pale ambapo viwavi hufika kilele mapema zaidi, mdaka nzi alikuwa amepungua kwa karibu 90% katika miongo miwili. Pale kilele kinapochelewa, kupungua kulikuwa kama 10%.

Takwimu Kwanza

Hapo nakaza. Makundi tisa, uhusiano wa takwimu tu. Pengine wanakufa Afrika, ukame au misitu kukatwa, na tunailaumu Uholanzi bure.

Bi Darubini

Swali halali, na wao wenyewe walijiuliza. Ndege wanaohama kwenda Afrika na kurudi Uholanzi hawakai wote msituni. Wengine huzaa kwenye matete na mabwawa, ambako chakula hakina kilele kimoja kikali bali kinaendelea msimu mzima. Walipolinganisha 1984 hadi 2004, wahamaji wa msituni walipungua, wa matete hapana. Na ndege wasiohama wa msitu uleule hawakupungua. Kama kosa lingekuwa Afrika peke yake, wa matete nao wangetakiwa kuumia. Haifungi kesi, lakini inaibana.

Kuna kingine ambacho mchoro wako hauna. Mdaka nzi anafika anakuta Mashavu Meupe ameshachukua sanduku. Anajaribu kuingia. Mwenye nyumba ni mzito zaidi na ana kucha. Nimefungua sanduku asubuhi nikakuta dume la mdaka nzi amelala chali chini ya kiota, kisogo kimetobolewa, na juu yake mama anaatamia kama hakuna kilichotokea. Jelmer Samplonius na Both walihesabu: mwaka mbaya, karibu 9% ya madume wa mdaka nzi waliuawa hivi. Inatokea zaidi Mashavu Meupe wakiwa wengi na tarehe za kuzaa za hao wawili zikikaribiana. Kwa hiyo anayemhusu mdaka nzi si kiwavi tu, na jirani pia.

Dullah_wa_Banda

Kisogo kimetobolewa?! Na mimi nilidhani kuku ndio wakatili.

Kiboko ya Mtihani

Lakini kwa mdaka nzi angalau niko sahihi. Anaondoka kwa urefu wa mchana, hana ujanja.

Bi Darubini

Kwa muda mfupi, uko karibu na ukweli. Kwa vizazi, la. Kusini mwa Ujerumani, mwaka 1981, Eberhard Gwinner alilea makinda wa mdaka nzi ndani, kwenye mwanga wa taa uliopangwa, akarekodi lini mwili wao unaingia majira ya kuzaa. Mwaka 2002 jaribio likarudiwa kwa ndege wa eneo lilelile, taa zilezile. Barbara Helm na wenzake walipochapisha ulinganisho 2019, wale wa 2002 walitangulia kwa kama siku tisa. Taa hazikubadilika. Kilichobadilika ni kile walichozaliwa nacho. Saa yako iliyosimama, Kiboko, imerekebishwa na kifo cha waliochelewa.

Kiboko ya Mtihani

Nakubali hilo, kwa shingo upande. Lakini siku tisa kwa miaka 21 dhidi ya viwavi wanaokimbia, inatosha?

Bi Darubini

Hapo hata mimi sina jibu la kukupa. Na ukumbuke kiwavi naye ana wa kumkimbiza. Yai la nondo anayezaa viwavi hao linatakiwa kuanguliwa machipukizi ya mwaloni yakifunguka. Akiwahi, kiwavi mchanga anakaa siku chache bila jani na kufa. Akichelewa, jani limekomaa na kukakamaa, halimkuzi vizuri. Uholanzi nondo walianza kuwahi mno kuliko mwaloni, kisha baada ya miaka michache pengo likapungua, kwa sababu mayai ya kizazi kipya yalihitaji joto zaidi ili kuanguliwa. Kwa hiyo hata huyo unayemfananisha na saa inayokimbia alirudi nyuma kidogo.

Msomi Njaa

Dada, nimefuta mchoro. Nafikiria niandike kwa ndege wawili, mmoja kila nusu, na niulize maswali matatu yaleyale kwa kila mmoja: je, tarehe zimepishana, je, mtu binafsi anaumia, je, kundi linapungua. Ila nahitaji pishano la kuanzia. Naweza kusema zamani, kabla ya joto, pishano lilikuwa sifuri?

Bi Darubini

Usiandike hivyo. Jike akitaga mapema mno, baridi na njaa vinamla yeye mwenyewe kabla ya watoto. Inawezekana tarehe nzuri kwa mama siku zote ilikuwa nyuma kidogo ya tarehe nzuri kwa watoto. Baadhi ya watafiti wanaamini sifuri haikuwahi kuwapo. Na tafiti nyingi za mada hii hazina takwimu za kabla ya joto kupanda, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuonyesha mwanzo safi.

Takwimu Kwanza

Sema tu pishano la mwaka wa kwanza wa takwimu zako ni kadhaa, na mwaka wa mwisho ni kadhaa. Halafu jaribu kuanzia mwaka mwingine uone kama mteremko unabaki. Ukianza na mwaka mmoja wa baridi kali, utapata mteremko hata kama hakuna.

Msomi Njaa

Nimeanza 1973 kwa sababu wao walianza 1973...

Takwimu Kwanza

Ndiyo uandike hivyohivyo.

Mzee Mzinga

Samahani kurudi. Nimetoka kuangalia miti yangu kumi. Tisa hakuna ua. Mmoja una ua, matawi mawili ya upande wa jua tu, kwingine kukavu. Hiyo naandika ndiyo au hapana?